"Msimamo wako uko wapi?"

*Wahariri, shikamooni. Nasoma stashahada ya masoko, mwaka wa pili, hapa Morogoro. Tulipewa insha ya maneno 1,500: "Kwa kiasi gani mafanikio ya M-Pesa nchini Kenya katika miaka yake ya kwanza yalitokana na matangazo?" Nimepata 48. Kwenye kiini nina aya za matangazo, za bei, za mawakala, na moja ya kulinganisha na M-Pesa ya Vodacom hapa Tanzania, na mwalimu ameniwekea vema nyingi tu. Ila pembeni ya utangulizi ameandika "Msimamo wako uko wapi?", na pembeni ya hitimisho "Umerudia, hujaamua." Ameniruhusu kurekebisha hadi Ijumaa.*

*Utangulizi wangu: "Tangu enzi za kale binadamu amekuwa akifanya biashara. Masoko ni muhimu kwa kampuni yoyote ile. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwaka 2007 na imepata mafanikio makubwa. Insha hii itajadili matangazo, bei na mawakala, kisha itatoa hitimisho."*

*Hitimisho: "Kwa kumalizia, M-Pesa ilifanikiwa kutokana na sababu nyingi zikiwemo matangazo, bei na mawakala. Zote ni muhimu. Makampuni mengine yanapaswa kuiga mfano huu."*

*Nimekosea wapi? Na je, naruhusiwa kuandika "mimi naona"?*

*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Hizo vema za katikati usizidharau, maana zinaonyesha kwamba ushahidi unao na umeupanga. Kilichokosekana ni sentensi moja, na kwa kuwa haipo, mwanzo na mwisho wa insha vyote vimeyumba. Tuitafute hiyo kwanza, halafu tuandike sehemu hizo mbili upya kwa kutumia hoja zako mwenyewe.

Soma tena sentensi yako ya "Insha hii itajadili matangazo, bei na mawakala." Inamwambia msomaji utapita wapi, haimwambii utafika wapi. Ukitaka kuipima, jaribu kuibishia. Huwezi, kwa sababu hakuna atakayesimama na kusema "Hapana, insha hii haitajadili bei." Jambo lisilobishika si hoja. Sasa jaribu hii: "Watu walijiunga na M-Pesa kwa sababu ya tangazo, lakini waliendelea kuitumia kwa sababu ya wakala." Hapo rafiki yako wa bwenini ataanza kukupinga papo hapo. Atakuambia bila tangazo hakuna ambaye angemjua huyo wakala, au kwamba Safaricom tayari ilikuwa na wateja wengi na ingeuza chochote. Akianza kubisha hivyo, jua umepata hoja, na hayo mabishano yake ndiyo kazi ya kiini chako.

Kabla ya kuiandika vizuri, rudi kwenye swali. "Kwa kiasi gani" linataka kipimo. Haliulizi kama matangazo yalisaidia, linauliza yalisaidia mpaka wapi. Na huwezi kupima kiasi kama hujaamua unapima nini. Neno lililofichama katika swali lako ni "mafanikio", na umelipita bila kuligusa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo alama zako nyingi zilipopotelea.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo, kuanzia Oktoba 2005, ilifanyiwa majaribio kwa watu wachache, na lengo la awali lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo mengine, likiwemo la kutumiana fedha wao kwa wao. Wakati wa uzinduzi, yote hayo yalikatwa ukabaki ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Tangazo hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu halikumfundisha mtu tabia mpya. Anayefanya kazi mjini alikuwa tayari anapeleka fedha kijijini, kwa kumpa dereva wa basi, jamaa anayesafiri, au kwa posta. Tangazo lilimwambia tu kuna njia nyingine ya kufanya kile kile.

Sasa angalia mambo mawili ambayo mwandishi mwenye haraka huyachanganya. La kwanza ni kujisajili. Kujisajili kulikuwa bure, kwa hiyo mtu aliyeona tangazo angeweza kusajili laini yake leo na asitume hata shilingi moja. Idadi ya waliojisajili inakuonyesha nguvu ya tangazo na wepesi wa kuingia. Haikuonyeshi kama huduma ilikubalika. La pili ni kutumia, tena na tena. Mama aliyeko kijijini hajapokea chochote mpaka ashike noti mkononi. Ili azishike, lazima kuwe na wakala anayefikika kwa mguu au kwa nauli ndogo, awe amefungua, na awe na fedha taslimu za kumpa. Na mwanawe aliyeko mjini, ili aweze kuweka fedha, wakala wa huko lazima awe na floti ya kutosha kwenye simu yake. Wakala wa kijijini akiishiwa noti, ahadi ya tangazo imevunjika pale dukani, hata kama bango barabarani linang'aa.

Kwa hiyo ukipima mafanikio kwa waliojisajili, jibu la haki ni "kwa kiasi kikubwa". Ukipima kwa matumizi ya kurudiarudia, jibu linageuka. Insha zote mbili zinaweza kupata alama nzuri. Isiyoweza ni ile inayoanza na kipimo kimoja na kumalizia na kingine, na hilo hutokea mno: utangulizi unataja idadi ya wateja, hitimisho linazungumzia imani ya wateja, na msomaji anabaki na hisia kwamba kuna kitu kimeponyoka asikijue ni kipi. Chagua kimoja, kitaje kwenye utangulizi, na hukumu kwa hicho hicho mwishoni.

Ukishachagua, sentensi ya hoja kuu hujengeka vizuri kwa vipande vitatu: *ingawa*, kisha dai lako, kisha *kwa sababu*. Kipande cha "ingawa" kinampa haki yake anayekupinga. Dai linajibu swali. "Kwa sababu" inaeleza namna jambo linavyofanya kazi. Wanafunzi wengi huishia kwenye dai, na mwalimu huandika pembeni "kwa nini?" Kwa hoja zako inaweza kuwa hivi: ingawa matangazo yaliwavuta watu kuijaribu M-Pesa, mafanikio yalitokana zaidi na mtandao wa mawakala, kwa sababu ahadi ya tangazo ilitimia pale tu mpokeaji alipopata fedha taslimu karibu na kwake.

Sasa utangulizi. Kwa maneno 1,500, uwe kati ya 100 na 120:

> Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa kwa ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Ujumbe huo ulieleweka haraka, na wengi huupa sifa yote ya kukua kwa huduma hiyo. Lakini kujisajili kulikuwa bure, hivyo idadi ya waliojisajili haitoshi kuonyesha kama huduma ilikubalika. Insha hii inapima mafanikio kwa matumizi ya kurudiarudia kati ya 2007 na 2010. Kwa kipimo hicho inadai kwamba, ingawa matangazo yaliwavuta watu kuijaribu M-Pesa, mafanikio yalitokana zaidi na mtandao wa mawakala, kwa sababu ahadi ya tangazo ilitimia pale tu mpokeaji alipopata fedha taslimu karibu na kwake. Insha inaanza na kile ambacho tangazo liliweza kufanya, inaangalia bei na kazi ya mawakala, kisha inaijaribu hoja hiyo kwa mfano wa Tanzania.

Hakuna "tangu enzi za kale". Sentensi ya kwanza inatua moja kwa moja kwenye tukio lenyewe, kwa sababu mwalimu wako anajua kuwa binadamu hufanya biashara na wala hajauliza hilo. Sentensi ya pili inaleta maoni yaliyopo, ya tatu inayatilia shaka, na shaka hiyo ndiyo inayofanya msimamo wako uhitajike. Bila shaka hiyo, dai lako linaonekana limeanguka tu kutoka juu. Orodha ya vituo bado ipo, lakini imekuja mwisho, msomaji akiwa ameshajua kwa nini anapitishwa huko.

Jambo moja hapo hatulipendi, nalo tumekuachia wewe: neno "wengi". Ni legelege. Kama katika usomaji mliopewa kuna makala inayosema matangazo ndiyo yaliyoibeba M-Pesa, mtaje mwandishi wake mahali pa "wengi". Kubishana na mtu anayejulikana kuna uzito kuliko kubishana na umati usio na jina.

Usianze pia kwa fasili ya "masoko" au ya "promosheni" kutoka kwenye kitabu. Fasili inastahili nafasi kwenye utangulizi endapo jibu litabadilika kwa kuibadilisha. Fasili ya "mafanikio" hapa inabadilisha jibu, kwa hiyo imeingia. Ya "masoko" haibadilishi chochote.

Kwenye hitimisho, maneno ya mwalimu ni ya haki kabisa: umerudia, hujaamua. "Sababu nyingi" na "zote ni muhimu" ni kukwepa swali. Aliyeuliza kiasi anajua tayari kuwa sababu ni nyingi, anachotaka ni uzito wake. Tunaelewa kinachowatuma wanafunzi kuandika hivyo: wanaogopa kuonekana wameegemea upande mmoja. Lakini kuna njia ya kuamua bila kuonea. Jiulize maswali mawili kuhusu kila sababu: bila hii, je, mambo yangeanza? Na hii ikiwa peke yake, je, yangeendelea? Bila tangazo, watu wachache sana wangejua kuna kitu cha kujaribu, kwa hiyo lilihitajika. Tangazo likiwa peke yake, bila pa kutolea fedha, mtu angejaribu mara moja na kuacha, kwa hiyo halikutosha. Hapo tayari umepata tofauti ya uzito, tena isiyotokana na mapenzi yako.

Kabla ya kuandika, funika kiini chote kwa karatasi na useme kwa mdomo, kwa sentensi moja, kile unachokijua sasa ambacho hukukijua ulipoanza. Hicho ndicho hitimisho. Kama huna cha kusema zaidi ya kile kilichomo kwenye utangulizi, tatizo liko katikati: aya zako zimeeleza, hazijapima. Kwako wewe kipo, nacho ni ile aya ya Tanzania.

Vodacom Tanzania ilianza M-Pesa mwaka 2008, kwa jina lile lile na huduma ya aina ile ile, lakini haikushika kasi mapema kama ya Kenya. Mwanafunzi mwenye pupa atasema, "Basi, imethibitika kuwa ni mawakala." Haijathibitika. Nchi hizi mbili zilitofautiana kwa mengi. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya soko la simu la Kenya kuliko Vodacom ilivyokuwa nayo hapa, na Tanzania ni kubwa zaidi na watu wake wametawanyika zaidi, kwa hiyo kuwafikishia wakala ni kazi ngumu zaidi. Mfano huo unaielekea hoja yako, ila hauifungi peke yake. Kulisema hilo waziwazi kwenye hitimisho hakukupunguzii alama. Kunaonyesha umepima kweli.

Hitimisho lako basi, kwa maneno kati ya 100 na 120 vilevile:

> Matangazo yalichangia mafanikio ya M-Pesa kwa kiasi fulani tu: yaliwafikisha wateja kwenye muamala wa kwanza. Muamala wa pili na wa kumi ulimtegemea wakala. Bei haikulipindua hilo, bali ililiunga mkono: mteja aliweka fedha bure huku wakala akilipwa kamisheni, kwa hiyo hata bei ilifanya kazi yake kwa kupitia dukani. Mfano wa Tanzania unaelekea huko huko, kwani jina lile lile na huduma ya aina ile ile havikuleta kasi ile ile. Hautoshi kuthibitisha peke yake, maana Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya soko lake kuliko Vodacom. Kinachobaki imara ni kwamba tangazo lilihitajika ili watu waanze, ila halikutosha ili waendelee. Kwa huduma ambayo thamani yake hukamilika mikononi mwa wakala, bajeti ya matangazo ifuate uwezo wa mawakala, isiutangulie.

Angalia sentensi ya kwanza. Imerudisha maneno ya swali, "kwa kiasi", na imejibu hapo hapo bila "kwa kumalizia". Halafu bei: haikutajwa ili ionekane imetajwa. Imewekwa mahali pake kuhusiana na hoja, na hivyo ndivyo ilivyo tofauti ya kurudia na kuamua. Kwenye kurudia, sababu tatu husimama kando kwa kando. Kwenye kuamua, kila moja inaambiwa ikae wapi mbele ya zile nyingine. Sentensi ya mwisho imechukua nafasi ya "makampuni mengine yaige". Ushauri wako ule ulikuwa wa bure kwa sababu haukusema waige nini, na ungeweza kuubandika kwenye insha ya soda au ya sabuni. Huu umetoka ndani ya hoja, na unamhusu mtu wa aina moja tu: meneja wa masoko mwenye huduma inayokamilishwa na wakala. Ukiifuta hoja kuu, ushauri huu nao unaanguka, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuna mtego mmoja utakaokujia siku ya kurekebisha. Utakumbuka kitu kizuri ulichosahau, kwa mfano namna M-Pesa ilivyotumika kuwapelekea fedha watu waliokwama wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, na utataka kukipachika kwenye hitimisho kwa sababu ndipo kalamu ilipo. Usikipachike. Ushahidi mpya mwishoni unafungua kesi upya wakati wewe unaifunga, na huna nafasi ya kuuchambua. Kama unaona una uzito, uingize kwenye kiini, uupime pale, kisha uone kama unabadilisha uamuzi. Huo wa vurugu unaweza kuubadilisha kweli, kwa sababu ni kichocheo ambacho si tangazo wala wakala.

Kwa hiyo leo andika sentensi ya hoja kuu kwenye karatasi pembeni. Kesho pitia aya za kiini, na mwisho wa kila aya ongeza sentensi moja inayosema aya hiyo imeisukuma hoja mbele au imeizuia. Kisha andika hitimisho, na utangulizi uwe wa mwisho kabisa, maana mara nyingi hoja huwa imesogea kidogo njiani na ahadi lazima ilingane na kilichotolewa. Alhamisi jioni mpe mtu utangulizi na hitimisho tu, bila kiini, umuulize: swali lilikuwa nini, na jibu ni lipi? Akitaja swali asiweze kutaja jibu, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya hitimisho. Akitaja jibu lisilofanana na lile la utangulizi, tafuta kipimo cha mafanikio, kuna mahali umekibadilisha.

Kuhusu "mimi naona": idara nyingi za biashara hupendelea isitumike, kwa hiyo tazama mwongozo wa uandishi wa chuo chenu, na kama haukatazi, muulize mwalimu. Lakini msimamo hautokani na neno "mimi". "Insha hii inadai kwamba" unabeba msimamo ule ule, na una faida ya ziada: baada ya "inadai kwamba" unalazimika kuweka dai, wakati baada ya "itajadili" unaweza kuweka nomino yoyote ukadhani umemaliza. Pita kwenye utangulizi wako, na kila palipo na "itajadili", "itaelezea" au "itaangalia", jaribu kuweka "inadai kwamba" uone kama sentensi inasimama.